"Asilimia 1 tu ya soko": namna ya kuupa mpango wa biashara wa darasani ushahidi unaosimama

Karibu kila mpango wa biashara unaoandikwa darasani huwa na sentensi hii, mara nyingi katika sura ya soko: "Soko hili ni kubwa sana. Tukipata hata asilimia 1 tu, tutapata faida mwaka wa kwanza." Mwalimu anairudisha kazi ikiwa na mstari mwekundu na swali pembeni: chanzo kiko wapi? Mwanafunzi anaingia mtandaoni, anatafuta ukurasa wowote unaotaja ukubwa wa soko, anabandika kiungo chini ya sentensi ileile na kuikabidhi tena. Mstari mwekundu unarudi palepale. Sasa mwanafunzi amechanganyikiwa kweli, maana chanzo si ameweka?

Nimesoma mipango mingi ya namna hii, na sidhani kosa ni uvivu. Wanafunzi huambiwa "fanyeni utafiti" na "tumieni vyanzo vya kuaminika" kana kwamba utafiti ni rangi inayopakwa ukutani baada ya nyumba kwisha. Wanaandika mpango kwanza, kisha wanatafuta vyanzo vya kuushikilia. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu sentensi iliyoandikwa kabla ya ushahidi huwa haina mahali pa kuushikia.

Ili jambo hili lieleweke, tuichukue sentensi hiyo moja ya asilimia 1 na tuifuate mpaka mwisho wake. Mfano wetu utakuwa wa mwanafunzi anayetaka kuanzisha huduma ya kutengeneza simu katika chuo chake. Namba za chuo hicho ni za kufanyia hesabu tu, lakini njia ya kuzipata ndiyo ile ambayo mtu angeifuata kwa biashara ya kweli.

Dai, ushahidi na kisio

Maneno matatu yanatosha kuanzia. Dai ni sentensi yoyote inayoweza kuwa kweli au kuwa uongo. "Nitafungua huduma ya kutengeneza simu" si dai, ni nia. "Wanafunzi wengi huvunja vioo vya simu zao" ni dai, kwa sababu mtu anaweza kwenda kuhesabu na kukuta si kweli. Ushahidi ni kile kinachomwezesha msomaji ambaye hakujui wala hakupendi kulikagua dai hilo mwenyewe. Kisio ni namba uliyoichagua kwa kuwa bado hakuna anayeijua, ila umeandika wazi kwamba ni kisio na umetoa sababu ya kuichagua.

Hilo la tatu huwashangaza wengi. Kuna imani kwamba mpango uliofanyiwa utafiti haupaswi kuwa na makisio. Haiwezekani. Mpango wa biashara unazungumzia mwaka ambao haujafika, na hakuna ofisi ya takwimu yenye jedwali la mauzo ya duka ambalo halijafunguliwa. Kinachoharibu kazi ni kisio lililovaa nguo za ukweli. "Tutahudumia simu 800 kwa mwaka" ni kisio lililojificha. "Tunakisia simu 300 kwa mwaka, kwa sababu zilizoelezwa katika ukurasa wa 7" ni kisio halali, na msomaji anaweza kubishana nalo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji intaneti. Chapisha rasimu yako, chukua kalamu, na pembeni mwa kila sentensi ya sura ya soko uandike herufi moja: U kama ina ushahidi, K kama ni kisio, na T kama ni tamko tupu lisilo na kimoja kati ya hivyo. Ukurasa wa kwanza wa mwanafunzi wetu ulisomeka hivi: "Siku hizi kila mtu ana simu. Simu nyingi huharibika. Soko linakua kwa kasi na hakuna mshindani wa kweli. Utafiti unaonyesha kuwa wateja wako tayari kulipa. Tukipata asilimia 1 tu ya soko, tutapata faida." Sentensi tano, na zote ni T. Hata ile inayoanza na "utafiti unaonyesha" ni T, kwa sababu haisemi ni utafiti wa nani, wa lini, wala waliulizwa watu gani.

Asilimia 1 ya nini?

Mwanafunzi anapotafuta ukubwa wa soko la simu, namba za kwanza kujitokeza huwa kubwa mno. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 5.5 walikuwa wakitumia intaneti, sawa na asilimia 68 ya watu wote duniani. Hiki ni chanzo kizuri: ni shirika la Umoja wa Mataifa, na linaeleza namna linavyopata makadirio yake. Hata hivyo, katika mpango huu namba hiyo haina kazi. Hakuna hata mmoja kati ya hao bilioni 5.5 atakayesafiri kuleta simu yake chuoni kwa kuwa tu anatumia intaneti.

Hapa kuna jambo ambalo maelekezo ya darasani hulipita haraka. Chanzo kinaweza kuaminika kabisa na bado kisithibitishe dai lako. Ni kama shahidi mkweli aliyeitwa kwenye kesi ambayo hakuiona. Ukweli wake hausaidii chochote. Swali la kukiuliza chanzo, basi, lina sehemu mbili: je, anayesema alihesabu mwenyewe au amesikia kwa mwingine? Na je, alichohesabu ndicho ninachokidai?

Sehemu ya pili huwaangusha hata watu wazima maofisini. Chukua takwimu za simu zilezile. Ripoti nyingi za mawasiliano huhesabu laini na si watu, na mtu mmoja anaweza kuwa na laini mbili au tatu. Ndiyo maana utakuta nchi yenye laini nyingi kuliko wakazi wake, watoto wachanga wakiwemo. Mwanafunzi anayeandika "asilimia 110 ya wananchi wana simu" hakudanganya kwa makusudi, ila hakusoma mstari mdogo chini ya jedwali unaosema kilichohesabiwa ni nini. Mstari huo mara nyingi una thamani kuliko namba yenyewe. Ukinakili namba, nakili na maana yake: ni watu, kaya, laini, au vifaa, ni wa umri gani, ni mwaka gani zilikusanywa. Tena mwaka wa kukusanya si mwaka wa kuchapisha. Nchi nyingi hufanya sensa kila baada ya miaka 10, kwa hiyo ripoti mpya inaweza kuwa imebeba hesabu ya zamani.

Ile sehemu ya kwanza, ya nani alihesabu, hukaguliwa kwa kufuata nyayo. Ukikuta namba kwenye makala, tafuta makala hiyo ilikoitoa, kisha huko nako ilikotolewa, mpaka umfikie aliyehesabu. Mara kadhaa utazunguka: blogu ya kwanza inataja ya pili, ya pili inataja ya tatu, na ya tatu inairudia ya kwanza. Namba ya namna hiyo haina mzazi, na dawa yake ni kuiacha. Kamusi elezo za mtandaoni nazo zitumie kwa njia hii. Si dhambi kuzisoma, kinyume na wanavyoambiwa wengi. Ni mlango mzuri wa kuingilia, kwa kuwa chini ya ukurasa kuna orodha ya zilikotoka habari. Nenda huko, usome mwenyewe, kisha utaje ulichosoma.

Kuna aina moja ya chanzo inayohitaji tahadhari ya peke yake, nayo ni muhtasari wa bure wa ripoti za soko zinazouzwa. Huu husema soko fulani lina thamani ya mabilioni na litakua kwa asilimia kadhaa kila mwaka mpaka mwaka fulani, halafu hukuomba ununue ripoti nzima. Njia ya kuhesabia iko ndani ya ripoti usiyoweza kuisoma, na kampuni mbili zinaweza kutoa namba zinazopishana sana kuhusu soko lenye jina moja, kwa kuwa kila moja imechora mipaka yake. Mimi humshauri mwanafunzi asiuweke muhtasari kama huo kwenye msingi wa hesabu zake. Kama lazima autaje, aseme wazi kwamba ni kadirio la kampuni na kwamba njia ya kulipata haikuonekana.

Kuhesabu kutoka chini

Njia ya kuiokoa sentensi ya asilimia 1 ni kuligeuza swali. Usiulize soko lote ni kubwa kiasi gani. Uliza ni watu wangapi wanaoweza kukufikia, wangapi kati yao hupatwa na shida unayoitatua, na mara ngapi kwa mwaka. Kila kipande cha swali hilo kina mahali pa kujibiwa.

Kipande cha kwanza ni idadi ya wanafunzi. Kijitabu cha kukitangaza chuo kinasema "zaidi ya wanafunzi 10,000". Mwanafunzi wetu alikwenda ofisi ya usajili na kuuliza ni wangapi waliosajiliwa muhula huu na wanaohudhuria masomo katika eneo lile. Akaambiwa 6,000. Tofauti ya 4,000 ni ya wanaosoma kwa mbali na walio katika tawi jingine. Kijitabu hakikusema uongo. Kilihesabu kitu kingine. Aliandika jina la ofisi, tarehe aliyopewa jibu na muhula unaohusika. Huo ni ushahidi, hata kama hauna kiungo cha mtandao.

Kipande cha pili, yaani wangapi hutengeneza simu, hakikuwa katika ripoti yoyote, kwa hiyo ilibidi aulize mwenyewe. Data unazokusanya mwenyewe huitwa data za msingi, na zile zilizokusanywa na wengine huitwa data za upili. Ubora haumo katika jina. Umo katika namna ulivyouliza na nani uliyemuuliza.

Tuanze na nani. Mwaka 1936 jarida la Kimarekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, na kutabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yamechukuliwa kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na magari, watu wenye nafuu ya maisha katika miaka ya dhiki, na waliojisumbua kurudisha karatasi nao hawakufanana na waliokaa kimya. Majibu zaidi ya milioni 2 hayakuweza kusahihisha kosa la kuuliza watu wasio wenyewe. Dodoso lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp la marafiki zako lina ugonjwa huohuo, na kuwatumia marafiki wengi zaidi hakuuponyi.

Mwanafunzi wetu hakuwa na orodha kamili ya majina ya wenzake ili achague kwa bahati nasibu, jambo ambalo lingekuwa bora. Alichofanya ni kusimama kwenye milango mitatu ya chuo, asubuhi, mchana na jioni, siku nne tofauti, na kumwomba kila mtu wa kumi aliyepita. Waliokataa aliwahesabu pia na kuandika idadi yao. Alipata majibu 200. Angalia pia alichokwepa: hakusimama mbele ya meza ya fundi simu. Pale karibu kila mtu angesema ndiyo, naye angefurahi bure.

Sasa namna ya kuuliza. Rasimu ya kwanza ya dodoso ilikuwa na swali hili: "Je, ungetumia huduma bora na nafuu ya kutengeneza simu hapa chuoni?" Nani atasema hapana? Swali linambembeleza anayejibu, tena linamuuliza habari za kesho, na kesho watu wote ni wateja wazuri. Uliza jana: "Katika miezi 12 iliyopita, simu yako iliharibika? Mara ya mwisho ilipoharibika, ulifanya nini? Kama ulilipa, ulilipa kiasi gani?" Mtu anaweza kukosea kukumbuka, lakini angalau anakumbuka jambo lililotokea.

Kati ya wale 200, watu 96 walisema simu ziliharibika. Watu 58 kati yao walilipa fundi, na kwa jumla walilipa mara 75, maana wengine walitengeneza zaidi ya mara moja. Waliobaki 38 walifanya nini? Wengine walinunua simu nyingine, wengine walimpa ndugu anayejua, na wengi waliendelea kutumia simu yenye kioo kilichopasuka. Hapo ndipo ile sentensi ya "hakuna mshindani wa kweli" ilipokufa. Mshindani wa fundi ni fundi mwenzake, na pia ni uamuzi wa mteja wa kuvumilia. Tena alipozunguka eneo la chuo alikuta mafundi watatu wanaofanya kazi hiyohiyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chuo kina watu 6,000 na waliohojiwa ni 200, yaani kila aliyehojiwa anawakilisha watu 30. Malipo 75 mara 30 ni 2,250. Hilo ndilo soko lake kwa mwaka: matengenezo yapatayo 2,250.

Neno "yapatayo" lina uzito wake hapa. Ukiuliza watu 200 wengine kesho, hutapata 58 tena. Labda utapata 51, labda 66. Kuna kanuni ya haraka ya kukadiria mtikisiko huo: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliojibu. Kwa watu 100 unapata takriban pointi 10 za asilimia, kwa 400 unapata 5, na kwa 200 unapata 7. Waliolipa fundi ni asilimia 29, kwa hiyo kiwango cha kweli huenda kiko kati ya 22 na 36. Ukiendelea na wastani uleule wa malipo kwa kila mteja, soko linakuwa kati ya matengenezo kama 1,700 na 2,800. Mpango unaotaja ncha zote mbili humfanya msomaji amwamini mwandishi zaidi, ingawa wanafunzi huogopa kwamba utaonekana dhaifu. Kikomo cha kanuni hii kisisahaulike: inapima bahati tu. Kama uliuliza watu wasio wenyewe, kanuni hii haiwezi kukwambia.

Asilimia 1 inapokutana na gharama

Sasa tuna kitu cha kukatia asilimia. Asilimia 1 ya 2,250 ni simu 22 kwa mwaka. Chini ya simu mbili kwa mwezi.

Je, simu 22 zinatosha? Tuseme, kwa fedha yoyote ile, gharama za kudumu za mwaka, yaani pango, umeme na kibali, ni 36,000. Na kila simu inayotengenezwa, baada ya kutoa bei ya spea, inaacha 100. Gawanya 36,000 kwa 100. Anahitaji simu 360 ili asipate faida wala hasara, na hapo bado hajajilipa chochote. Simu 360 ni asilimia 16 ya soko la 2,250. Kama soko liko kwenye ncha ya chini, ni asilimia 21. Ile "asilimia 1 tu" iliyosikika kama unyenyekevu ilikuwa ndogo kuliko hitaji lake mara 16.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika zoezi hili. Hakuna aliyemwambia mwanafunzi kwamba wazo lake ni baya. Namba zake mwenyewe ndizo zilizomwonyesha ni wapi panapouma, na amelijua hilo kabla hajalipa pango la mwezi wa kwanza.

Bado kuna swali moja ambalo dodoso haliwezi kulijibu: wateja wangapi watamwacha fundi wao na kuja kwake? Hapo mtu anaweza kukisia, au kujaribu. Alijaribu. Aliomba ruhusa ya kuweka meza kwa wiki mbili, akaandika kila simu iliyoletwa, ya nani hakuandika, ila siku, tatizo na malipo. Zilikuja simu 11. Chuo huwa wazi wiki 40 kwa mwaka, kwa hiyo 360 maana yake ni simu 9 kila wiki, na yeye amepata 5 au 6. Wiki mbili ni muda mfupi na mtu hapaswi kujenga ghorofa juu yake. Hata hivyo, watu 11 waliotoa fedha mfukoni ni ushahidi mzito kuliko watu 150 waliosema "ningekuja".

Namba nyingine isiyo na mzazi

Kabla ya kumaliza, kuna dai jingine linalojirudia katika sura ya hatari: "Biashara 9 kati ya 10 hufa." Kila mtu amelisikia, na kwa sababu hiyo hakuna anayeliuliza lilikotoka. Lifuate nyayo, na utakuta linazunguka kati ya kurasa zinazonakiliana. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, ambayo hufuatilia biashara mpya mwaka hadi mwaka, inaonyesha picha tofauti: takriban moja kati ya tano hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu huufikia mwaka wa tano. Hizo ni takwimu za Marekani, kwa hiyo anayeandikia nchi nyingine aseme hivyo au atafute za ofisi ya takwimu ya nchi yake. Kumbuka pia kwamba biashara kufungwa si lazima iwe imefilisika. Mwenyewe anaweza kuwa amestaafu, ameiuza, au amepata kazi nyingine.

Jambo la kuweka kumbukumbu nalipita haraka, maana ni rahisi likifanywa mapema na adhabu likiachwa mwisho. Fungua jedwali moja kabla ya kuandika sura yoyote. Kila dai lipate mstari wake: dai lenyewe, aina yake, aliyehesabu, mwaka wa data, ukurasa au namba ya jedwali, na tarehe uliyosoma. Mstari wa wanafunzi 6,000 utajaa wote. Mstari wa "soko linakua kwa kasi" utabaki mtupu, na ukibaki mtupu mpaka wiki ya kukabidhi kazi, sentensi hiyo inafutwa. Katika mpango wetu ilifutwa, na hakuna hesabu iliyobadilika. Hiyo ni njia nzuri ya kujua kama dai lilikuwa na kazi.

Mwanafunzi wetu hakuishia kuandika upya sura ya soko. Alipoona anahitaji simu 9 kwa wiki na ana 5 au 6, alirudi kwenye gharama. Kwa kuchangia chumba na mtu anayechapa na kunakili nyaraka, gharama za kudumu zilishuka kutoka 36,000 hadi 20,000. Hapo anahitaji simu 200 kwa mwaka, yaani 5 kwa wiki. Aya yake ya soko, ile iliyokuwa na matamko matano, sasa inasomeka hivi:

"Chuo kina wanafunzi 6,000 wanaohudhuria katika eneo hili (ofisi ya usajili, muhula huu). Kati ya wanafunzi 200 tuliowahoji milangoni, 58 walilipa fundi simu katika miezi 12 iliyopita, kwa jumla mara 75. Kwa msingi huo tunakadiria matengenezo 1,700 hadi 2,800 kwa mwaka, ambayo kwa sasa yanafanywa zaidi na mafundi watatu waliopo. Wenye simu zilizoharibika 38 kati ya 96 hawakumlipa fundi. Ili kurudisha gharama tunahitaji simu 200 kwa mwaka, sawa na 5 kwa wiki. Katika majaribio ya wiki mbili tulipata 11. Tunakisia kwamba kiwango hicho kitaendelea. Kikishuka chini ya simu 4 kwa wiki kwa miezi miwili mfululizo, tutafunga meza kabla ya kulipia muhula wa pili."

Mwalimu aliirudisha ikiwa na swali moja pembeni, kwa kalamu ileile nyekundu: wangapi walikataa kujibu dodoso? Jibu lilikuwa katika jedwali, mstari wa pili.